Imeili inasema mshahara uende akaunti mpya na meneja ananiambia nibadilishe tu, nifanyeje?

Shikamoo Anti. Mimi nipo ofisi ya mishahara, tuko wawili tu, mimi na meneja wangu. Juzi imeingia imeili kwa jina la mkuu mmoja wa kitengo hapa kwetu, fupi tu, "Habari, nimebadilisha benki, naomba mshahara wangu uanze kwenda akaunti mpya, je itawahi malipo ya mwezi huu? Unahitaji nini kutoka kwangu?" Nikamtumia fomu yetu ya kubadilisha akaunti, kairudisha ndani ya nusu saa imejazwa yote na barua ya benki juu yake. Nikamwomba tuongee kwa simu akasema yuko kikaoni siku nzima nimwandikie hapohapo. Jina ni lake kabisa ila anwani ni ya Gmail, sio ya ofisi, na kwenye rekodi zetu huyu mtu yuko likizo. Simu yake nimepiga haipatikani. Meneja anasema kutumia imeili binafsi akiwa likizo ni kawaida, watu wa kompyuta wameikagua wamesema haina virusi wala linki mbaya, na bosi tukimchelewesha atatuona hatuna adabu. Faili la mishahara tunalifunga keshokutwa. Nibadilishe? Na kama kuna mwingine alishabadilishiwa hivihivi miezi ya nyuma nitajuaje?

Karani Roho Juu

*

Marahaba mwanangu. Usibadilishe. Acha mshahara uende akaunti ileile ya zamani mpaka umpate mwenyewe kwa sauti, na nitakueleza kwa nini hilo ndo chaguo salama hata kama meneja wako yuko sahihi na huyo bosi kweli kabadilisha benki.

Angalia hasara ya kila upande. Tuseme ombi ni la kweli na wewe umekataa. Pesa itaingia akaunti ya zamani, ambayo bado ni yake, ataichukua kesho ataihamisha mwenyewe, labda akununie kidogo basi. Na hata akiwa ameifunga ile akaunti, malipo yakienda kwenye akaunti iliyofungwa kwa kawaida benki inayarudisha kwenu, inachukua siku kadhaa ni kero lakini pesa ipo. Sasa geuza upande wa pili, ombi ni la tapeli na wewe umekubali, hapo pesa imeenda kwenye akaunti iliyo hai, namba sahihi, mtu anaisubiri, na ataitoa siku hiyohiyo. Kwa hiyo mwambie meneja hivyo hivyo, kukosea upande mmoja ni usumbufu na kukosea upande mwingine ni mshahara mzima kupotea, tena mtalipa mara mbili maana mfanyakazi hajapokea kitu na yeye hakuomba chochote.

Sasa hiyo habari ya haina virusi. Watu wa kompyuta hawajakudanganya, imeili za namna hii kweli hazina virusi, na ndo maana zinapita. Vichujio vya imeili vinatafuta viambatanisho vibaya, linki za kuibia paswedi, anwani zinazojulikana kwa uchafu. Hii haina hata kimoja. Ni mistari mitatu ya maandishi ya kawaida kutoka kwenye akaunti halisi ya Gmail ambayo mtu kaifungua bure asubuhi hiyo, akaandika jina la bosi wenu kwenye sehemu ya jina la mtumaji. Hilo jina linaloonekana juu ya imeili mtu anajiandikia anavyotaka, hakuna anayemkagua, naweza mimi sasa hivi kufungua akaunti nikajiita jina la mkurugenzi wenu na ikafika kwako hivyo. Kwenye simu ndo mbaya zaidi kwa sababu programu nyingi za imeili za simu zinaonyesha jina tu na kuficha anwani mpaka uguse.

Kama unataka kuona mwenyewe, fungua kwenye kompyuta. Kama ofisi yenu mnatumia Gmail bonyeza vidoti vitatu kulia juu ya ujumbe halafu `Show original`, utaona kitu cha namna hii (nimefupisha):

```
From: "Jina la Bosi" <xxxxxxxx@gmail.com>
To: mishahara@example.com
Authentication-Results: spf=pass dkim=pass dmarc=pass
```

Watu wengi wakifika hapo kwenye pass, pass, pass wanashusha pumzi, wanasema imepita ukaguzi. Sio hivyo. Ule ukaguzi unajibu swali moja tu, je hii imeili kweli imetoka kwenye mitambo ya gmail.com, na jibu ni ndiyo imetoka huko. Ni kama muhuri wa posta kwenye bahasha, unakwambia barua imepitia posta gani, haukwambii nani kaishika kalamu. Tena angalia pia kama kuna mstari wa `Reply-To` chini yake. Kuna wakati `From` inaonyesha anwani nzuri kabisa ya ofisi lakini `Reply-To` ni ya nje, maana yake ukibonyeza kujibu jibu lako haliendi kwa mfanyakazi, linaenda kwa tapeli, na wewe unadhani mnaongea na mwenzako.

Lakini nikwambie kitu, anwani isiwe ndo kipimo chako, kwa sababu kuna aina ya pili ambayo anwani inakuwa ni yenyewe halisi. Hapo tapeli kaiba paswedi ya mfanyakazi kwa ukurasa feki wa kuingilia, anaingia kwenye imeili yake ya kazini, au anaingia moja kwa moja kwenye sistimu ya mfanyakazi kujihudumia anabadilisha akaunti ya benki humo ndani bila hata kukuandikia wewe. Mwaka 2025 Microsoft walitoa taarifa ya kundi moja wanaloliita Storm-2657 lililokuwa linafanya hivyo kwenye vyuo vikuu vya Marekani, wakaingia kwenye akaunti 11 za wafanyakazi katika vyuo vitatu, halafu wakazitumia hizohizo kutuma imeili za kunasa wengine kwenda akaunti karibu 6,000 za vyuo 25. Na wakishaingia kitu cha kwanza wanatengeneza kanuni kwenye inboksi ya yule mtu ili imeili yoyote inayotoka kwenye sistimu ya utumishi ijifute au ijifiche, ili ile taarifa ya "akaunti yako ya benki imebadilishwa" mwenye mshahara asiione. Kwa hiyo ofisi inayosema sisi tuko salama kwa sababu tunakubali maombi kutoka imeili ya kazini tu, imefunga dirisha moja na mlango uko wazi.

Turudi kwako. Nimesoma hayo majibu yake na kuna mambo nimeyaona mimi niliyekaa ofisi za mishahara muda mrefu. Kwanza ameuliza kama itawahi mwezi huu. Mfanyakazi wa kweli anauliza pia hilo, sikatai, lakini tapeli anauliza kila mara kwa sababu mchezo wake wote unaisha siku ya mshahara, siku ambayo mwenye mshahara ataangalia akaunti na kuona patupu. Anapata malipo mamoja, akibahatika mawili, ndo maana anaandika siku chache kabla hamjafunga, mda ambao nyie mna haraka na mna maombi mengine chungu nzima mezani. Pili, akauliza unahitaji nini kutoka kwangu. Ile imeili ya kwanza haina namba ya akaunti, umeliona hilo? Ni chambo tu, anataka kujua kama kuna mtu upande wa pili anajibu na utaratibu wenu ukoje, na wewe ukamjibu ukampa utaratibu. Sikulaumu, fomu ni kazi yako kuitoa, ila ujue sasa anayo fomu yenu tupu yenye nembo na anajua mnadai barua ya benki, kwa hiyo jiandae, ombi lijalo kwa jina la mtu mwingine linaweza kuja likiwa limekamilika tangu mwanzo na litaonekana la kawaida kuliko hili.

Tatu, na hili ndo limenichekesha, mtu yuko likizo kwenye rekodi zenu halafu yuko kikaoni siku nzima. Tapeli hajui ratiba ya likizo, anajua vyeo na majina tu ambayo mara nyingi yapo wazi kwenye tovuti ya kampuni na kwenye LinkedIn. Kikao ni kisingizio cha wote kwa sababu kinafunga mlango wa simu na kuacha wa imeili.

Barua ya benki isikutishe. Ile ni picha, inatengenezwa kwa dakika kumi, na mara nyingi akaunti yenyewe ni ya kweli, imefunguliwa kwa mtandao au ni kadi ya kujaza pesa yenye namba ya akaunti nyuma yake, tena inaweza kuwa imefunguliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa ambaye naye katumiwa. Watu wananiuliza, si benki itaona jina halilingani na namba? Inategemea. Sehemu nyingi malipo ya jumla ya mishahara yanaenda kwa namba, jina ni pambo tu. Kuna nchi wameweka kulinganisha jina kabla ya kulipa, Uingereza walianza mwaka 2020, lakini uliza benki yenu kama hilo linafanyika kwenye faili la mishahara na sio kwenye malipo ya mtu mmojammoja peke yake, usiishi kwa kudhani.

Sasa cha kufanya kuanzia leo. Acha kumjibu huyo mtu wa Gmail, usimwambie umemgundua na usimuulize maswali ya mtego, haina faida, kila unachoandika anajifunza. Usifute imeili pia, zitunze zote pamoja na fomu aliyorudisha, maana ile namba ya akaunti iliyomo ndo kitu pekee cha maana utakachowapa benki na polisi. Watu wengi hapa wanakosea, wanaogopa wanafuta. Waambie watu wa kompyuta watafute hiyo anwani kwenye imeili za ofisi nzima, sio kwako tu, kwa sababu huenda kaandika pia utumishi au kwa mhasibu mwingine kwa jina la mtu mwingine.

Halafu mtafute bosi. Namba utakayopiga itoke kwenye faili lake la zamani la ajira, sio iliyoandikwa chini ya imeili, sio kwenye fomu aliyorudisha. Na kama namba ipo kwenye sistimu angalia ilibadilishwa lini, maana tapeli aliyeingia kwenye akaunti ya mtu anaweza kubadilisha namba ya simu kwanza, siku mbili baadae ndo akabadilisha benki, ili ukipiga umpigie yeye. Namba yoyote iliyobadilishwa karibuni usiihesabu. Haipatikani? Mwulize msaidizi wake au mtu anayemkaimu kama ana njia nyingine, jaribu jioni, muachie ujumbe kwenye namba ya zamani akupigie ofisini kwenye namba ya mezani. Akikupigia mwenyewe kabla hujampigia, tena kwa namba usiyoijua, kata kwa adabu umpigie wewe. Namba inayoonekana kwenye skrini inaweza kughushiwa na siku hizi hata sauti inaigizwa, lakini ukipiga wewe namba ya zamani kudanganya kunakuwa kugumu zaidi.

Akipokea usimsomee ombi. Wengi wanakosea hapa wanasema "bosi nimeona umebadilisha benki, nithibitishe eeh?" na mtu akiwa na haraka anasema ndiyo ndiyo bila kusikiliza. Uliza wazi, "bosi kuna ombi lolote umetutumia wiki hii?" ukanyamaza. Akisema hajatuma kitu, umemaliza, mwambie abadilishe paswedi zake na watu wa kompyuta wakague kama imeili yake ya kazini ina kanuni za ajabu za kufuta au kuhamisha ujumbe. Akisema ametuma, mwache yeye akutajie namba za mwisho za akaunti mpya na akutajie pia za zamani, usimtajie wewe. Ukimaliza andika kwenye faili nani kapiga, namba gani, saa ngapi, kajibu nini. Kama mpaka mnafunga faili hujampata, inabaki akaunti ya zamani, ombi linasubiri mwezi ujao. Hapo hakuna cha kujadili.

Swali lako la pili ndo zuri kuliko la kwanza na watu hawaliulizi. Toa kwenye sistimu orodha ya akaunti zote za benki zilizobadilishwa, tuseme miezi mitatu iliyopita, iwe na tarehe ya kubadilishwa na aliyebadilisha. Kwa ofisi ya watu wachache itakuwa fupi tu. Kwa kila jina tafuta ushahidi kwamba kuna mtu aliongea na mfanyakazi, na kama ushahidi pekee ni imeili basi mpigie huyo mtu leo umuulize mshahara wa mwisho aliupokea? Kisha panga orodha nzima ya wafanyakazi kwa namba ya akaunti uone kama kuna namba moja inatokea kwa watu wawili. Wanandoa wanaofanya kazi pamoja wanaweza kuwa na akaunti moja, sawa, lakini watu wasiohusiana wakiwa na namba moja hapo pana jambo. Angalia pia kama watu kadhaa wamehamia ghafla benki moja ya mtandaoni ambayo zamani hakuna aliyekuwa nayo.

Usishangae kama utakuta mtu alikosa mshahara na hajasema. Kuna anayelipwa akaunti ambayo haiangalii kila siku, kuna anayedhani mishahara imechelewa anaona aibu kuuliza. Jirani yangu mmoja anafanya kazi ofisi ya fedha mahali, kwao ilikuwa hivyo, mshahara ulitoka Ijumaa, yule fundi wao akanyamaza akidhani benki yake ina tatizo, Jumatano ndo akapita ofisini kuuliza. Wao wakamwonyesha slipu kwamba kalipwa, yeye akasema sijalipwa, wakabishana karibu saa nzima mpaka mmoja wao akasema hebu soma namba ya akaunti. Namba si yake. Ombi la kubadilisha lilikuwa kwenye imeili ya wiki mbili nyuma, limejazwa vizuri, limepitishwa na watu wawili, na wote wawili walikuwa wameangalia imeili ileile, hakuna aliyempigia simu fundi ambaye alikuwa anafanya kazi ghorofa ya chini yao. Hapo ndo nasema sahihi ya pili haina kazi kama anayesaini anaangalia karatasi ileile, anatakiwa aangalie rekodi ya simu, bila hiyo hasaini.

Walichofanya baada ya hapo kilikuwa sahihi ila kimechelewa. Walipiga simu benki yao wenyewe, ile inayotuma mishahara, wakaomba kitengo cha udanganyifu, sio huduma kwa wateja kwa ujumla, wakasema wanataka malipo yarudishwe kwa sababu ya utapeli. Wakatoa tarehe, kiasi, namba ya kumbukumbu ya muamala na namba ya akaunti iliyopokea. Benki yao ikawasiliana na benki iliyopokea ili izuie akaunti. Tatizo ni kwamba benki inazuia kilichobaki, haiumbi pesa iliyokwishatolewa, na kutoka Ijumaa mpaka Jumatano kilichobaki kilikuwa kidogo sana, nyingi ilitoka siku ya kwanza. Wangejua Ijumaa ileile mchana habari ingekuwa nyingine. Fundi alilipwa upya na ofisi, na ofisi ikabaki na hasara yake. Kwa hiyo kwenye orodha yako ukikuta jina lenye shaka usisubiri kikao, simu ya benki inatangulia, ripoti ya polisi inafuata, maelezo kwa wakubwa baadae.

Meneja wako anaweza kusema pesa yenyewe ni mshahara wa mtu mmoja, nani atahangaika kuiba hiyo. Watahangaika. Septemba 2019 kitengo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandao kilisema kwamba kuanzia Januari 2018 mpaka Juni 2019 kilipokea malalamiko 1,053 ya aina hii hasa ya kuhamisha mishahara, wastani wa hasara dola 7,904 kwa lalamiko moja. Ukilinganisha na zile ankara feki za mamilioni ni hela ndogo, na wao wanapenda iwe ndogo. Malipo makubwa yanapita kwa wakurugenzi na yanaulizwa, mshahara wa kawaida unatoka ndani ya faili moja na wengine wote, kiasi kilekile cha kila mwezi, jina lilelile, hakuna anayeinua macho.

Kwa siku za mbele usimwombe meneja aandike sera ya kurasa ishirini. Mnahitaji vitu viwili tu na vyote havina gharama. Cha kwanza, mabadiliko ya akaunti yanafungwa siku kadhaa kabla ya kufunga faili la mishahara, ili haraka isiwe sababu tena, anayechelewa anasubiri mwezi ujao hata awe nani. Cha pili, kila mabadiliko yakiingia unatuma ujumbe mfupi kwenye simu ya zamani ya mfanyakazi (ya zamani nasisitiza, na sio imeili peke yake, unakumbuka zile kanuni za kufuta) kwamba akaunti yako ya mshahara imeombwa kubadilishwa, kama sio wewe tupigie kabla ya tarehe fulani. Usiweke namba ya akaunti humo wala linki yoyote, maana ukiwazoesha wafanyakazi kubonyeza linki za mishahara unawaandaa kwa tapeli anayefuata. Kama mna sistimu ya kujihudumia, watu wa kompyuta waweke uthibitisho wa pili kwenye kuingia, na hasa kwenye ukurasa wa benki, na kama inawezekana waachane na namba za siri za kutumwa kwa ujumbe wa simu kwa sababu kurasa feki siku hizi zinaiba paswedi na namba hizo kwa pamoja.

Na hilo la kuonekana hamna adabu, mwandikie bosi kwenye imeili yake ya kazini na umwachie ujumbe kwenye simu yake ya zamani maneno haya, "Shikamoo bosi, tumepokea ombi la kubadilisha akaunti yako ya mshahara. Kwa utaratibu wetu hatubadilishi mpaka tuongee nawe kwa simu, kwa hiyo mwezi huu utalipwa akaunti ile ya kawaida. Ukipata nafasi tupigie ofisini." Meneja akigoma, mwombe aandike yeye kwa imeili kwamba ameamuru ubadilishe bila kumpigia mhusika, na asaini yeye kwenye sistimu kwa jina lake, usimpe paswedi yako.